Skrinishoti ya apu kuwa prompti ya mokapu ya thimu nyengine: ikikataa, anza kutizama hapa

Haya jamani, hii nnaandika kwa wale wanaopewa skrinishoti ya apu na mteja halafu wakaambiwa "nifanyie hii hii lakini nyeusi", unaichukua ile picha unaitupia akili mnemba, unaiandikia "fanya dark mode", inakuja kitu kizuuuri lakini si ile apu. Mie nimeshapigwa hapo mara nyingi mpaka nikajua kila ugonjwa unatokana na nini, kwa hivyo ntakwenda kwa dalili moja moja, wewe tafuta yako.

Ntatumia kazi moja mwanzo mpaka mwisho ili tusichanganyane. Bi mkubwa mmoja hapa mjini ana apu ndogo ya kukatia tiketi za boti, Malindi ya Unguja kwenda Mkoani, Pemba, na kurudi. Apu yake nyeupe pee, na abiria wake wengi wanaifungua kabla ya alfajiri, taa zimezimwa, watoto wamelala, simu ikiwaka chumba kizima kinang'ara. Akataka skrini ya "Safari za leo" aione kwa thimu ya usiku kabla hajamlipa fundi wa kuandika programu. Skrini yenyewe rahisi tu, juu kuna upau wenye mshale wa kurudi, kichwa na nembo ya boti, chini yake vidonge vitatu vya siku, halafu kadi nne za safari, kila kadi ina saa, njia, bei na kitufe cha "Kata tiketi". Kadi ya tatu imeandikwa "Zimebaki nafasi 3" kwa wekundu, ya nne imefifia kwa sababu boti imejaa.

Jambo moja kabla hatujaanza, khasa kwa wanaotumia mashine za kuchora picha. Ukitaka mokapu ya skrini yenye maandishi usiombe picha, omba HTML na CSS kwenye faili moja, uifungue kwenye brauza. Mashine ya kuchora inaweza kukuchorea herufi kama inavyochora majani ya mnazi, kwa mbali majani, ukisogea hakuna kitu, pengine ukaletewa "Kata tikteti" na "Mkoni". HTML maandishi yake ni maandishi kweli na rangi yake unaweza kuisoma na kuibadilisha kwa mkono. Yote ya chini hapa nnazungumzia njia hiyo.

Dalili: imekuja skrini nyengine kabisa

Ya kwanza niliyompelekea bi mkubwa ilikuwa na picha kubwa ya boti juu, menyu ya chini yenye ikoni tano, na kadi zimekuwa mbili badala ya nne. Akaniambia, "Mwanangu, hii nzuri, lakini si apu yangu. Na boti ya saa 1 iko wapi?" Nikamwambia samahani mama ntairudia, na nikaenda kusoma tena ile prompti yangu niliyoandika mwenyewe. Ilikuwa inasema hivi: apu ya kisasa ya tiketi za boti, thimu nyeusi, ya kuvutia, safi. Basi. Sasa hapo mashine ina kosa gani? Nimeipa sifa, sikuipa vitu. Neno "kisasa" na "ya kuvutia" kwake ndo ruhusa ya kuongeza picha kubwa na menyu, kwa sababu ndo zinavyokuwa apu nyingi za safari ilizoziona.

Dawa yake ni kuihesabu skrini kama mtu anayepokea mzigo bandarini, juu kwenda chini, kila kitu na idadi yake. Usiandike "kadi za safari", andika "kadi 4". Usiandike "vichujio vya siku", andika vidonge vitatu, cha kwanza kimechaguliwa. Na mstari mmoja uwe peke yake: usiongeze wala usipunguze kitu. Mstari huo peke yake haufanyi kazi kama hujahesabu, maana mashine haijui imeongeza nini ikiwa hukuiambia vilikuwa vingapi.

Na skrinishoti yenyewe ambatanisha, lakini usiitegemee. Mashine nyingi zinaipunguza picha ndefu kabla hazijaisoma, kwa hivyo yale maandishi madogo ya kijivu chini ya kadi ndo yanayopotea mwanzo. Skrini ikiwa na vitu vingi ikate vipande viwili, nusu ya juu na nusu ya chini, uambatanishe vyote.

Dalili: rangi za zamani zinavuja kwenye thimu mpya

Hapa ndo penye kazi, na hapa ndo wengi wanapokwama, kwa hivyo tukae kidogo.

Dalili zake ziko namna mbalimbali. Pengine usuli umekuwa mweusi lakini kadi zimebaki nyeupe kama meno. Pengine kila kitu kimegeuzwa kinyume tu, mpaka nembo ya boti imekuwa kama negativu ya picha za zamani za studio. Au, na hii ndo mbaya zaidi kwa sababu huioni haraka, kila kitu kiko sawa ila bei haisomeki.

Sababu kubwa ni moja. Ulipoelezea umbo la skrini ulitaja rangi. Uliandika "kadi nyeupe zenye kivuli, bei ya kijani, kitufe cha kijani chenye maandishi meupe", halafu chini ukaandika "thimu nyeusi". Sasa umeipa amri mbili zinazogombana na yenyewe inachagua, leo hii kesho ile. Ukiambatanisha na picha ndo kabisa, kwa sababu picha nayo inasema nyeupe, kwa hivyo nyeupe ina mashahidi wawili na nyeusi ina mmoja.

Kwa hivyo mie nnajiwekea sheria: kwenye sehemu ya umbo hairuhusiwi kuonekana jina la rangi hata moja. Kila rangi inaitwa kwa kazi yake. Ile nyeupe ya nyuma ni usuli, ile nyeupe ya kadi ni kadi (ndio, zote nyeupe, lakini kazi mbili, na kwenye nyeusi zitaachana), kijani ni mkazo, maandishi yaliyokaa juu ya kijani ni juu-ya-mkazo, wekundu ni onyo. Halafu chini kabisa peke yake unaweka orodha ya rangi mpya, kila kazi na rangi yake:

```
:root {
  --usuli: #121212;
  --kadi: #1E1E1E;
  --maandishi: #E0E0E0;
  --maandishi-hafifu: #9E9E9E;
  --mkazo: #80CBC4;
  --juu-ya-mkazo: #121212;
  --onyo: #CF6679;
}
```

Na unaiambia, rangi zote zitoke humu, heks, yaani namba ya rangi inayoanza na `#`, isionekane mahali pengine popote kwenye faili. Faida yake ni kwamba sasa unaweza kukagua bila kukodoa macho: fungua faili, tafuta alama ya `#` kwenye sehemu ya mitindo, kila inayotokea nje ya `:root` ndo uvujaji wenyewe. Tafuta na `white`, `black` na `rgba`, kwa sababu vivuli hupenda kujificha kwenye `rgba`. Kwangu mara ya kwanza nilizikuta tatu, moja ndo iliyokuwa imeifanya kadi ya boti iliyojaa kubaki kijivu cheupe.

Sasa kwa nini usichukue tu rangi zile zile za apu ukaziweka juu ya nyeusi? Kijani cha bi mkubwa ni `#00695C`, kizuri, kimeiva, na juu ya nyeupe utofauti wake ni kama 6.6 kwa 1, kinasomeka vizuri. Kipimo cha WCAG, ule mwongozo wa kimataifa wa kurasa zisomeke na kila mtu, kwa maandishi ya kawaida ni angalau 4.5 kwa 1, na kwa maandishi makubwa ni 3 kwa 1. Kijani hicho hicho ukikiweka juu ya kadi ya `#1E1E1E` kinashuka mpaka kama 2.5. Yaani bei ya tiketi, kitu cha kwanza anachokitafuta abiria, ndo kimezama. Mashine haikukosea, umeipa kijani imeweka kijani. Ndo maana nimechukua `#80CBC4`, ni ndugu yake kijani yule yule lakini amepauka, juu ya kadi hiyo anafika kama 8.9.

Halafu ukishabadilisha hapo unaingia kwenye mtego wa pili, nao huu umenitafuna mie mwenyewe. Kitufe cha "Kata tiketi" kilikuwa kijani kilichoiva chenye maandishi meupe. Sasa kijani kimepauka, na mashine kwa mazoea imeacha maandishi meupe, kwa sababu vitufe vingi ilivyoviona vina maandishi meupe. Nyeupe juu ya `#80CBC4` haifiki hata 2 kwa 1. Nikaitizama kwenye laptopu ofisini nikaona iko sawa, bi mkubwa akaifungua kwenye simu yake akaniuliza kitufe kimeandikwa nini. Ndo maana ile `--juu-ya-mkazo` iko pale peke yake, na ndo maana ni nyeusi. Ukikosa kuipa jina lake, mashine itakujazia yenyewe.

Wekundu nao hivyo hivyo. `#B00020` ya "Zimebaki nafasi 3" juu ya kadi nyeusi ni kama 2.3, unaona kitu chekundu lakini husomi. `#CF6679` inafika kama 4.6, inapita kwa kuparamia. Na kile kijivu cha maandishi madogo, `#757575`, kwenye nyeupe kilikuwa kinapita kidogo tu, kama 4.6, kwenye kadi nyeusi ni 3.6, kwa hivyo nacho kinapanda kiwe `#9E9E9E`. Hesabu hizi usizifanye kichwani, vipimo vya utofauti viko tele mtandaoni, unaweka heks mbili unapewa namba.

Hila moja ya bure kwa wale ambao bado zinawavujia hata baada ya hayo yote: kabla hujaambatanisha skrinishoti igeuze iwe ya kijivu kwa ile apu ya kuhariri picha ya simu yako. Umbo linabaki, maandishi yanabaki, kijani kinakufa. Weupe wa kadi hautoki, hilo usitarajie, ila mashahidi wamepungua.

Dalili: kadi zimeyeyuka kwenye usuli

Huyu ni mtoto wa yule wa juu. Kwenye apu nyeupe kadi inajitenga na usuli kwa kivuli, ukiandika "kadi zenye kivuli" mashine inaweka kivuli cheusi juu ya usuli mweusi, sasa kivuli gani kitaonekana usiku? Kwenye thimu nyeusi kitu kilichoinuka huwa cheupe kidogo kuliko kilicho chini yake, ndo kwa sababu hiyo kadi ni `#1E1E1E` na usuli `#121212`. Kwenye umbo andika "kadi imeinuka juu ya usuli, imejitenga bila kivuli", usiandike namna ya kuitenga ya zamani.

Ile kadi iliyofifia pia. Mwanzoni niliandika "imefifia", ikafifia mpaka ikatoweka, bi mkubwa akasema safari ya nne mmeila. Sasa nnaandika hali yake na si sura yake: boti imejaa, kadi haibonyezeki, kitufe hakipo, pahala pake kuna neno "Imejaa" kwa maandishi-hafifu. Inasomeka na abiria haigusi.

Dalili: maandishi yamebadilishwa

Hapa kwetu hii ina uchungu wake. Skrini imeandikwa "Saa 1:00 asubuhi", mokapu inarudi "01:00 AM", na huyo abiria anayeijua boti ya saa 1 asubuhi, ambayo kwa saa za kizungu ni saa 07:00, atafika bandarini usiku wa manane na mtoto mgongoni. Mashine imeona 1:00 ikadhani inakusaidia. Nyengine inakutafsiria "Keshokutwa" inakuwa "Day after tomorrow" ambayo haingii kwenye kidonge, kidonge kinavimba, cha pembeni kinaruka mstari wa pili, halafu wewe unakaa unatafuta kosa kwenye upana wakati kosa liko kwenye lugha.

Kila neno linaloonekana kwenye skrini liweke ndani ya alama za kunukuu, herufi kwa herufi, na sema mara moja kwamba yaliyo ndani ya alama yanakiliwa kama yalivyo, hayatafsiriwi, hayasahihishwi, saa ni za Kiswahili. Usiseme "saa ya kuondoka", andika "Saa 1:00 asubuhi". Kama kadi ni nne andika zote nne, usiandike "na nyengine kama hiyo", utaletewa safari ya kwenda Mombasa.

Hapo hapo ukiwa unaandika maneno, tizama skrinishoti ina nini cha mtu. Ile aliyonipa bi mkubwa ilikuwa na jina kamili la abiria na namba yake ya simu kwenye ukanda wa juu. Ikate au ifunike kabla haijatoka kwenye simu yako, na kwenye prompti weka jina la kubuni. Ila weka jina refu, usiweke "Ali", kwa sababu mokapu inayokaa vizuri na Ali itapasuka siku akija mtu mwenye majina matatu marefu.

Dalili: vitu vinene kupita kiasi, au vyembamba mpaka kidole hakiingii

Skrinishoti inapima kwa pikseli za kioo, mokapu yako inapima kwa pikseli za CSS, na hizo si kitu kimoja. Simu iliyopigiwa ile picha kioo chake ni 1080 kwa 2400, lakini apu inajiona ina upana wa 411. Ukigawa 1080 kwa 411 unapata kama 2.6, kwa usahihi zaidi ni 2.625 kwa simu hiyo. Kitufe kilichopimwa 126 kwenye picha kwa kweli ni 48, upau wa juu wa 147 ni 56, nafasi ya pembeni ya 42 ni 16. Ukiandika 126 kwenye prompti unapata kitufe kama mlango wa Mji Mkongwe.

Upana wa simu yako kwa kipimo hicho utaupata kwenye Android kwenye machaguo ya wasanidi, pameandikwa `Smallest width`. Simu za 720 kwa 1600 mara nyingi zinagawa kwa 2, zinatoka 360. Aifoni yenye kioo cha 1170 kwa 2532 inagawa kwa 3, inatoka 390 kwa 844.

Ila kuna kitu kimoja kinaharibu hesabu hii yote kimya kimya. Picha ya bi mkubwa ilinifikia kupitia apu ya kuchati, nami nikapima kitufe nikapata 84, nikagawa kwa 2.625, nikapata 32, nikaandika 32, na kitufe kikaja chembamba kama ukoka. Kumbe njiani picha imebanwa kutoka 1080 kwa 2400 ikawa 720 kwa 1600. Kwa hivyo kabla ya kupima chochote fungua maelezo ya faili uone ukubwa wa picha, ukilinganisha na kioo cha simu aliyopigia. Bora mwambie mtu akutumie kama dokumenti si kama picha, inafika nzima kama ilivyopigwa, na mara nyingi ni PNG.

Hiyo PNG ina kazi nyengine pia. Picha iliyobanwa kuwa JPEG rangi zake zimechafuka, ukigusa kitufe kimoja mahali patatu kwa kifaa cha kuchukulia rangi utapata heks tatu. Na hata kwenye PNG usichukue rangi kwenye ukingo wa herufi, pale rangi imechanganywa ili herufi ionekane laini, utachukua kijani-kijivu ambacho apu haina. Gusa katikati ya eneo tambarare. Kwa maandishi membamba tafuta herufi nene kabisa kwenye skrini, kichwa au bei, uchukue tumboni mwake.

Dalili: mokapu ina betri asilimia 14

Mashine imekopi ule ukanda wa juu wa simu, saa, mtandao, betri, na pengine vitufe vya chini vya simu yenyewe. Hivyo si vya apu. Vikate kwenye picha, na kwenye prompti anza kuhesabu kutoka kwenye upau wa apu. Ukitaka nafasi ya ukanda huo ibaki, sema acha nafasi tupu ya 24 juu. Hakuna zaidi.

Pia muulize mwenye apu kama simu yake imelazimishwa thimu nyeusi kwenye mipangilio. Kuna simu zinazigeuza apu zenyewe bila ridhaa, halafu skrinishoti unayopewa ni ya rangi ambazo fundi hakuzichagua. Ikiwa kijani kinaonekana cha ajabu ajabu, mwambie azime, apige upya.

Dalili: nikirekebisha hiki kinaharibika kile

Umeshasema mara sita: kitufe hiki, hapana rudisha vidonge, hapana ile kadi ya tatu. Kila ukirekebisha moja nyengine imerudi ilivyokuwa, "Saa 1:00 asubuhi" imekuwa tena AM. Chati imekuwa ndefu, ndani yake mna matoleo sita yanayopingana na mashine inachota popote. Mie nikifika marekebisho matatu nnaacha. Nnarudi kwenye prompti yangu, nnaingiza marekebisho humo humo mahali pake, nnafungua chati mpya kabisa nnaibandika yote. Kwa hivyo prompti iweke kwenye faili lako mwenyewe, usiiandike ndani ya chati ukaiacha humo.

Ya bi mkubwa mwisho wake ilikuwa hivi, nimekata kidogo tu:

```
KAZI: jenga upya skrini hii kwa HTML na CSS, faili moja.
Upana 411px. Usiongeze wala usipunguze kitu.
Picha ni ya umbo tu, rangi zake usizifuate.
Yaliyo ndani ya "" yakiliwe kama yalivyo. Saa ni za Kiswahili.

UMBO, juu kwenda chini:
1. Upau, urefu 56: mshale wa kurudi, kichwa "Safari za leo",
   nafasi ya nembo 32 kwa 32
2. Vidonge 3: "Leo" (kimechaguliwa), "Kesho", "Keshokutwa"
3. Kadi 4, zimeinuka juu ya usuli bila kivuli, pembeni 16
   Kadi 1: "Saa 1:00 asubuhi", "Malindi – Mkoani",
   bei "TSh 35,000" kwa mkazo,
   kitufe "Kata tiketi", urefu 48, usuli mkazo,
   maandishi juu-ya-mkazo
   ...
   Kadi 4: boti imejaa, haibonyezeki, hakuna kitufe,
   neno "Imejaa" kwa maandishi-hafifu

RANGI: tumia :root hii tu, heks isitokee pengine.
```

Chini yake ile `:root` ya juu. Ikitoka, nnaifungua kwenye brauza kwa ukubwa wa 411 kwa 914, pembeni yake skrinishoti ya zamani, nnahesabu kadi, nnasoma maneno kwa sauti, nnatafuta `#`. Halafu nnaituma kwenye simu, nnazima taa ya chumba, nnashusha mwangaza wa kioo mpaka chini kabisa, kwa sababu ndo hivyo atakavyoitumia abiria.

Bi mkubwa aliifungua hivyo hivyo, akanyamaza, akasoma bei, akasoma saa. Halafu akauliza kama ile nembo ya boti inaweza kuonekana, maana yeye nembo yake ni PNG nyeusi isiyo na usuli, na juu ya `#121212` imepotea yote. Hiyo prompti haiwezi kumtatulia, inabidi aombe kwa aliyemchorea toleo jeupe, na tumemwachia nafasi yake ya 32 kwa 32 hapo kwenye upau.